Kuandikwa Si Kuolewa

Mimi ni mtu wa kufuta. Nikiandika barua, naiandika kwanza kwenye karatasi mbovu, halafu kwenye karatasi nzuri, halafu naiona ile nzuri imeinama upande wa kulia na ninaichana. Niliacha shule darasa la saba kwa sababu ya karo. Kiswahili changu kizuri nilijifundisha mwenyewe kwa magazeti ya kufungia sukari, redio ya jirani, na kamusi isiyo na jalada niliyoinunua sokoni Kitale kwa mtu aliyekuwa akiuza viatu vya mitumba. Nasema hivi mapema ili msomaji ajue kwamba kosa nitakalolieleza halikutokana na uzembe. Lilitokana na bidii.

Mama alianguka akivuna mahindi, nyonga ikavunjika. Hospitali walimtunza, wakamrudisha nyumbani, akawa mtu wa kitanda na kiti. Baba alikuwa ameshafariki, dada yangu ameolewa mbali, nikabaki mimi. Kupika niliweza. Kufua niliweza. Lakini kumwogesha mama mzazi, mimi kijana wa kiume ambaye hata sijaoa, hilo halikuwezekana, na yeye mwenyewe asingekubali. Jirani yetu, mama mmoja wa kanisani, alikuja alipopata nafasi, na siku ambayo hakupata, mama alikaa hivyo hivyo ameukaza uso, asitake nimwangalie. Siwezi kueleza jinsi nilivyoona aibu kwa niaba yake.

Tuliandika wasichana wawili kwa maneno ya mdomo. Wa kwanza aliondoka kwenda kununua kiberiti, hakurudi. Wa pili alichukuliwa na shangazi yake ambaye alikuwa amempatia kazi nzuri zaidi Eldoret, na sikumlaumu, kwa sababu hakuna siku tuliyowahi kukaa tukasema anaanza kazi saa ngapi na anamaliza saa ngapi. Mimi nilikuwa kazini kwenye duka la mbegu na mbolea, nikiandika kadi za stoo, na moyo wangu ulikuwa nyumbani. Kila mteja akifungua mlango nilidhani ni mtu amekuja kuniambia mama yuko peke yake.

Ndipo nikaamua kwamba wa tatu ataandikiwa mkataba.

Nilikwenda ofisi ya leba, ile ya serikali inayoangalia mambo ya wafanyakazi, saa ya chakula cha mchana. Nilimkuta karani mnene mwenye sweta la kijani, akila ndizi. Nilitegemea anicheke. Alicheka, lakini kidogo.

"Wewe ndiye wa kwanza kuja hapa kabla ya kushtakiwa," aliniambia. "Hao wengine wote huja na barua yangu mkononi. Keti."

Nilikuwa nimebeba kalamu mbili, moja ikikauka. Akaniambia kwamba kazi ya kuendelea ya miezi mitatu au zaidi inatakiwa iwe kwa maandishi, na jukumu la kuandika ni la mwajiri. Kama mfanyakazi hasomi vizuri, asomewe na aelezwe, kisha aweke sahihi au kidole gumba. Mshahara usishuke chini ya kima cha serikali, naye alinionyesha kima hicho kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Saa zisizidi hamsini na mbili kwa wiki, na siku moja katika kila saba iwe ya kupumzika. Mfanyakazi apewe mahali pazuri pa kulala, la sivyo alipwe pesa ya nyumba juu ya mshahara. Akimaliza mwaka, likizo yake ni siku ishirini na moja na mshahara haukatwi. Na kwa anayelipwa kwa mwezi, upande wowote ukitaka kumaliza kazi, utoe notisi ya maandishi ya siku ishirini na nane.

"Na akiondoka," alisema, akitupa ganda la ndizi, "mwandikie cheti cha kuonyesha alikufanyia kazi gani na kwa muda gani. Wengi wenu mnasahau hiyo. Mtu anatoka kwako kama aliyekuwa jela."

Nilipomshukuru mara ya tatu alinifukuza.

Mkataba huo niliuandika kwa jioni kadhaa. Sikupenda kuandika "notisi" kwa sababu niliona ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Sikupenda kurudia neno "kazi" mara nyingi, kwani nilikuwa nimesoma mahali kwamba mwandishi mzuri harudii neno. Kwa hiyo kila mahali nilipoweza kuliepuka, nililiepuka. Nilipomaliza niliona nimeandika kitu kizuri sana. Nilimsomea mama.

"Kinasikika kama cha kanisani," mama alisema, na mimi nikadhani ananisifu.

Jirani yetu ndiye aliyemleta yule wa tatu, dada mmoja. Alikuwa wa umri wangu, kwao ni Kabuchai, Bungoma, na alikuwa ameuza ndizi na nyanya soko la Misikhu kwa muda mrefu kabla biashara haijamshinda. Hakuwa ameolewa. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja ng'ambo ya barabara. Nilimkabidhi karatasi, akaisoma mwenyewe taratibu kwa kidole, kisha akainua kichwa.

"Ndugu, hii ni bei ya kwanza ama ya mwisho?"

Sikumwelewa.

"Si unaona, mtu wa soko hukupatia bei ya kwanza, halafu mnaongea. Hii nayo?"

Nikamwambia tunaweza kuongea. Basi tukaongea, na katika maisha yangu sijawahi kuona mtu akinunua na kuuza maneno hivyo. Mimi nilikuwa nimeandika aanze saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na saa mbili za kupumzika mchana. Akauliza kama mama akihitaji kugeuzwa usiku ataamshwa nani. Nikasema mimi. "Andika," akasema. Akauliza kama sahani ikimponyoka mkononi itakatwa kwenye mshahara wake. Nikasema hapana, kama ni bahati mbaya. "Andika 'bahati mbaya'. Kwa hii mikono ya sabuni, bahati mbaya iko mingi." Akaomba chumba chake kiwe na komeo la ndani. Chumba chenyewe kilikuwa cha magunia ya mahindi, nami nilikuwa nimeyatoa magunia na kukipaka chokaa, lakini la komeo sikulifikiria. Niliaibika, nikaandika.

Kisha yeye naye akapunguza. Nilikuwa nimempa Jumapili nzima kila wiki. Akasema Jumapili tatu atashinda kanisani na kurudi mapema, lakini moja kwa mwezi angependa aondoke Jumamosi jioni aende kwao, arudi Jumapili jioni. "Hapo nimekupunguzia," alisema. Hakuwa amenipunguzia chochote. Jumamosi jioni alikuwa ameshamaliza saa zake. Lakini alivyolisema, nilihisi nimepewa zawadi, na nikamshukuru.

Mama alikuwa akisikiliza kutoka chumbani. "Huyu abaki," aliita. "Wewe ndiye unaweza kwenda."

Tuliweka sahihi nakala mbili, yake na yangu, jirani akiwa shahidi.

Mwezi wa kwanza ulikuwa kama mtu ametoa jiwe kifuani mwangu. Nilikuwa nikirudi jioni namkuta mama ameoga, nywele zimesukwa mistari minne, wamekaa jikoni wakibishana. Mama alimwambia watu wa Bungoma hula kuku mpaka mfupa. Yeye alimjibu kwamba watu wa mama huchemsha kila kitu pamoja kwenye sufuria moja ili wasioshe mbili. Alikuwa na namna yake ya kumnyanyua. Alikuwa akimwambia, "Mama, tucheze densi," anampitisha mikono mabegani, wanahesabu pamoja, na mama, ambaye kwangu alilia kwa maumivu, kwake alinyanyuka akilalamika kuhusu densi mbaya. Nilipomuuliza alijifunza wapi, alisema ni kama kubeba mkungu wa ndizi. Ukiuvuta unavunjika. Uuache uje kwako.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi alikwenda kwao na nakala yake ya mkataba kwenye mkoba. Alijivunia karatasi hiyo. Alitaka watu wa kwao waone kwamba ameandikwa kweli kweli.

Jumapili saa nane, mapema kuliko tulivyotarajia, alirudi. Nyuma yake walikuwa kaka yake mkubwa na shangazi yake. Kaka alikuwa mkulima wa miwa, mtu mrefu mwenye koti lililobana mabega, na kofia alikuwa ameishika mkononi. Shangazi alikuwa mfupi, amejifunga leso mbili. Hawakusalimia kwa kicheko. Walikaa kwenye viti nilivyowapa, na kaka akatoa karatasi yangu mfukoni. Ilikuwa imekunjwa mara nyingi.

"Kijana," alisema, "tumekuja kwa heshima. Ng'ombe ni ngapi?"

Nilidhani anauliza kuhusu maziwa. Nikasema hatufugi.

"Hafugi," shangazi alimwambia kaka, kana kwamba sikuwepo. "Na bado amechukua mtoto."

Kaka akaifungua karatasi, akasoma kwa sauti. Ninamkumbuka mpaka leo. Alisoma polepole na kwa uangalifu, mtu ambaye hakutaka kunionea. "'Atakaa kwa mwajiri, atalala humo na kula humo.' Sawa. 'Mwajiri atamtunza awapo mgonjwa.' Sawa. 'Wakiridhiana, wataendelea kukaa pamoja mwaka hadi mwaka.'" Akanitazama. Kisha akasoma ile sehemu ambayo mimi niliionea fahari kuliko zote. "'Mmoja akitaka kuachana na mwenzake, atampa mwenzake taarifa ya siku ishirini na nane.'"

Jikoni, mama alianza kucheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aanguke nimsikie akicheka mpaka akose pumzi.

Mimi sikucheka. Masikio yalikuwa yamewaka moto. Niliona ghafla kila neno "kazi" nililoliondoa, na pengo lilipoachwa, na kitu kilichoingia kwenye lile pengo. Nilikuwa nimeandika hati ya ndoa, tena yenye talaka ndani yake.

"Tuliisomea wazee," kaka aliendelea. "Wakauliza, huyu kijana ameoa kwa karatasi? Kwa nini hakuleta watu? Mzee mmoja akasema, angalau ametoa notisi ya kuacha, wengine huacha bila."

"Kaka," dada alisema kutoka mlangoni, "nimewaambia njia nzima. Mimi sijaolewa. Nimeandikwa."

"Uliandikwa nini? Uliandikwa 'mwenzake'."

"Niliandikwa kazi."

"Mahali gani hapa imesema kazi?"

Dada akaja, akainama juu ya karatasi, akatafuta kwa kidole. Neno lilikuwepo, lakini juu kabisa, mara moja, kwenye kichwa. Alilionyesha. Kaka akalitazama kama mtu anayeonyeshwa mbuzi mmoja na kuambiwa ni kundi.

Nilijaribu kueleza. Nilisema habari ya kutorudia neno, na nikajisikia nikizidi kuharibu. Kaka alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo ambalo halikuwa na mzaha wowote.

"Mimi sikutukani. Naona nyumba. Naona kuna mgonjwa. Lakini dada yangu akiugua hapa, akifa hapa, nitakuja kumchukua kama nani? Kama ni mke wako, atazikwa kwenu, na sisi tutakudai. Kama ni mfanyakazi, ni wetu. Hii karatasi haisemi ni mtu wa nani. Mtu asiyejulikana ni wa nani hawezi kubaki mahali. Leo tunarudi naye."

Niliangalia mlango wa jikoni, ambako kiti cha mama kilionekana nusu. Kesho yake ilikuwa Jumatatu. Nilifikiri juu ya maji ya kuoga, na juu ya uso wa mama ulivyokuwa ukikazwa.

Dada hakupaza sauti. Alimwambia kaka yake kwamba mshahara wa mwezi alilipwa wote mkononi, na kwamba chumba chake kina komeo, na kwamba aliliweka mwenyewe kwenye mkataba, sehemu hii hapa. Akamwambia Jumapili ni yake, na ndiyo sababu yuko naye anaongea badala ya kuwa kwenye karai. "Kitu kilichoharibika ni maneno," alisema. "Maneno si nyanya. Yakiharibika yanarekebishwa. Kaa, urekebishe."

"Mimi?"

"Si wewe ndiye umeyaona?"

Shangazi akamsukuma kaka begani. "Kaa basi. Mguu unaniuma."

Nikatoa karatasi mpya. Mstari wa kwanza ulipinda, na kwa mara ya kwanza sikuuchana. Kaka alivuta kiti karibu. Alikuwa mkali kuliko karani wa leba na mpole kuliko mimi. Hakuacha sentensi moja ipite bila kuuliza ingesikikaje kwa mtu aliyeko kwao Kabuchai ambaye hajatuona.

Tukaandika: mfanyakazi wa nyumbani, kazi yake kumtunza mama wa mwajiri, na kufua na kupika cha mchana. Badala ya "atalala humo" tukaandika "atapewa na mwajiri chumba chake mwenyewe cha kulala, chenye komeo la ndani, na chakula, bila kukatwa mshahara". Badala ya "mwenzake" tukaandika "mwajiri" na "mfanyakazi" kila mara, hata yalipokuwa matatu kwenye mstari mmoja. Nikahisi yananiwasha ngozi, lakini niliyaandika. "Kuachana" kaka alilifuta yeye mwenyewe kwa kalamu yangu, mstari mnene. Nikapendekeza "kusitisha ajira".

"Hiyo nayo ni nini?" aliuliza shangazi.

"Ni kumaliza kazi."

"Sasa si uandike kumaliza kazi."

Niliandika "kumaliza kazi". Niliandika pia "notisi", kwa sababu kaka alisema kila mtu kwao anaijua notisi, ilibandikwa mpaka kwenye mti wa chifu. Notisi ya maandishi, siku ishirini na nane, kwa upande wowote, na mshahara wa siku alizofanya ulipwe siku ya kuondoka pamoja na cheti cha kazi.

Kaka akauliza likizo. Nikamwambia ni baada ya mwaka, siku ishirini na moja za malipo. Akahesabu kichwani, akaniambia mwaka ukifika likizo ichukuliwe Agosti, maana ni mwaka wa tohara na mtoto wa kiume wa shangazi ataingia jandoni. Bila dada zake hakuna atakayekoroga busaa, pombe ya sherehe. Tuliangalia. Mwaka wake wa kwanza ulikuwa utimie Julai. Agosti iliwezekana. Nikaandika "Agosti", na jirani atalipwa kumwangalia mama wakati huo. Shangazi akatikisa kichwa kwa kuridhika, mara ya kwanza tangu aingie.

Mwisho kaka alitaka sehemu yake. Aliniamuru niandike, neno kwa neno: "Mfanyakazi ni mtu wa kwao Kabuchai. Akiugua sana au akipatwa na jambo, mwajiri atamjulisha kaka yake kabla ya mtu mwingine yeyote." Sikuona hiyo popote ukutani kwa karani. Nilimpelekea baadaye kumwuliza kama inaruhusiwa. Aliisoma mara mbili, akasema haikatazwi, na kwamba angependa waajiri wengine wajue kwamba mfanyakazi ana kaka.

Mkataba mpya ulikuwa mbaya. Neno "kazi" lilijaa kama kunguni. Lakini niliposoma kwa sauti, hakuna hata mtu mmoja aliyekunja uso. Nilielewa kitu ambacho kamusi yangu haikuwa imenifundisha. Katika hadithi, neno likirudiwa linachosha. Katika mkataba, neno likibadilika linaleta mgeni. Nilikielewa kwa sababu mkulima wa miwa alikuwa na subira ya kukaa na mtu aliyemdhania mwizi, na kwa sababu dada yake alikataa kubebwa kama mkungu.

Ilikuwa imebaki saini. Dada aliishika kalamu, kisha akaiweka.

"Kuna moja bado," alisema. "Leo ni siku yangu ya kupumzika ama si yangu?"

"Ni yako," nikasema.

"Na hawa ni wageni wangu ama wako?"

"Ni wako."

"Basi mimi nakaa nao. Wageni hawajakula."

Kaka yake alinitazama, nami nikaelewa kwamba hapo ndipo nilipokuwa napimwa, si kwenye karatasi. Nikainuka, nikaenda jikoni. Mama alikuwa bado anafuta machozi ya kucheka. "Tia unga wa kutosha," aliniambia, "watu hao wanakula sima ngumu." Nilisonga ugali, nikakaanga mboga na mayai yaliyokuwepo. Kutoka sebuleni nilisikia dada akiwaonyesha densi ya kumnyanyua mama, na shangazi akisema kwamba amekosea mguu.

Ugali ulitoka na madonge. Niliuleta hivyo hivyo, kwani hakukuwa na unga mwingine wa kuanza upya. Shangazi alimega, akabana kidonge kati ya vidole, akakitazama.

"Kumbe ni kweli hajaoa," alisema.

Kaka alicheka kwanza, kisha wote. Alipomaliza kula alinawa, akakausha mikono yake kwenye koti ili asichafue karatasi, akaweka sahihi kama shahidi chini ya sahihi ya dada yake. Aliomba nakala ya tatu ya kupeleka nyumbani. Nikaiandika pale pale, wao wakisubiri, na nilipokosea herufi niliikata kwa mstari mmoja na kuendelea.

Jioni waliondoka. Dada aliwasindikiza mpaka kona, akarudi peke yake, akaingia chumbani kwake, na nikasikia komeo. Asubuhi saa moja alikuwa jikoni akimwita mama wacheze densi.